Wazo la kwanza unalo wewe na jirani yako: dhana potofu kuhusu kutafuta aidia

Dhana: wazo linalokuja lenyewe, fasta, ndo la ubunifu maana limetoka moyoni.

Hapana, limetoka kwenye kumbukumbu, tena pale juujuu ambapo kila mtu anafika. Chukua tairi bovu la gari. Muulize mtu yeyote Dar au Nairobi linaweza kufanya kazi gani, atakwambia kutengeneza katambuga, bembea ya watoto, kupandia maua, kiti cha nje, kuwekwa juu ya bati upepo usiling'oe. Sasa hapo kabuni nini? Vyote ameshaviona kwa macho yake, amevikumbuka tu, na ukimuuliza jirani yake pembeni bila huyu kusikia atakutajia karibu vilevile. Wanasaikolojia Christensen, Guilford na Wilson waliliandika hili tangu 1957: mtu akiendelea kutaja mawazo kwenye swali lilelile moja, yale yasiyo ya kawaida yanazidi kuongezeka.

Dhana: ukiandika aidia kumi ukakwama, basi zimeisha.

Kilichoisha ni ulivyowahi kuviona. Lucas na Nordgren mwaka 2015 walitoa utafiti ambao watu walitafuta mawazo kwa muda, kisha wakaulizwa wakiendelea watapata mangapi mengine, halafu wakaendelea kweli. Walijikadiria chini kuliko walichokuja kupata, na mengi waliyoyatoa baadaye yalikuwa ya kibunifu zaidi kuliko ya mwanzo. Yaani ile hali ya kuhisi kichwa kitupu inadanganya, watu wengi wanaacha kalamu palepale ambapo kazi ilikuwa inaanza.

Ila kukodolea karatasi macho hakutoshi, swali lazima ubadilishe. Acha kuuliza "tairi linatumikaje", uliza "tairi lina nini". Lina waya za chuma ndani, ni jeusi kwa hiyo linashika joto la jua, linanesa, halipitishi maji, na ukiliacha nje mvua ikanyesha linatuamisha maji humo ndani na mbu wanazaliana. Hapo kwenye ubaya wake ndo pakae sana, maana orodha ya kawaida hupakimbia.

Kuna mtafiti wa Kanada, Gerardo Ulibarri, na wenzake walichukua ubaya huohuo wakaugeuza kuwa kazi. Wakatengeneza mtego unaoitwa ovillanta: vipande viwili vya tairi vimeunganishwa kama mdomo, chini kuna sehemu ya kutolea maji, ndani maji kidogo na karatasi au vibao vinavyoelea. Mbu jike wa aina ya Aedes, wale wanaoeneza dengue, anapapenda, anataga pale kwenye karatasi, wewe unaitoa mara mbili kwa wiki unaharibu mayai, maji unayachuja unayarudisha kwa sababu yamebaki na harufu inayowaambia mbu wengine kwamba hapa ni salama kutaga. Waliujaribu Sayaxché, Guatemala. Cha kuangalia ni kwamba usipoutunza, ukausahau wiki mbili, umeshakuwa kiwanda cha mbu cha kawaida. Sidhani kama kuna mtu angefika huku akiwa na bembea, katambuga na maua tu kwenye karatasi.

Dhana: ukishafikisha aidia ishirini umeshavuka zile za kawaida.

Ishirini ni kadirio la mkono tu, haina uchawi wowote. Na hapa watu wanajidanganya sana, anaandika kiti, stuli, meza ya chai, kitanda cha mbwa, halafu anahesabu manne. Hilo ni wazo moja limevaa nguo nne, "kitu cha kukalia au kuwekea vitu". Pitia orodha yako uyaweke yanayofanana pamoja kisha uhesabu mafungu, unaweza kukuta ishirini zako ni mafungu matano, kwa hiyo bado hujatoka nyumbani. Ukianza kupata fungu jipya ambalo huwezi kusema uliliona wapi, hapo sasa umetoka.

Dhana: kwa hiyo wazo la mwisho ndo bora siku zote.

Nayo sio kweli. Huko mbele kuna takataka nyingi pia, mawazo ya ajabu yasiyofanya kazi, ndo maana unaandika yote kwanza bila kuchuja halafu unarudi na swali moja: hili lingefanya kazi kweli, nani angelitunza? Na kuna kazi ambazo wazo la kwanza linafaa kabisa. Klein na wenzake mwaka 1995 waliwaangalia wachezaji chesi wazoefu wakakuta hatua ya kwanza inayowajia kichwani huwa nzuri, maana bodi ni ileile, sheria ni zilezile, na wameshaona hali kama hizo mara nyingi mno. Dereva wa basi akikatiwa njia ghafla naye hatafuti njia ya ishirini na moja, anashika breki.