Mtoto hamwozeshi mama yake

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia tena ofisini nitaitoza ada yake peke yake: "Sisi watoto wa kiume ndio mawalii, na hatujaridhia mama aolewe." Wanaoileta ni watu wazima, wana wake na watoto wanaokaribia kuoa, na huisema kwa sauti ya mtu anayenikumbusha jambo nililolisahau. Jibu lake ni fupi. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Unguja na Pemba tunaozeana kwayo, mtoto hana uwalii juu ya mama yake, yaani mamlaka ya kumwozesha, kwa kuwa tu ni mtoto wake. Hayumo kwenye orodha.

Orodha yenyewe ni hii: baba wa mwanamke, kisha babu mzaa baba, kisha kaka wa baba na mama mmoja, kisha kaka wa kwa baba, kisha watoto wa kiume wa makaka hao kwa mpango huo huo, kisha ami, kisha watoto wa ami. Wakikosekana wote, kadhi. Mjane wa umri huo kwa kawaida baba na babu wameshatangulia, kwa hiyo anayebaki ni kaka yake. Yaani walii wa mama yenu ni mjomba wenu. Na mama mwenyewe, kwa kuwa aliwahi kuolewa, lazima atamke kwa mdomo wake kwamba ameridhia. Kunyamaza kwake hakutoshi kama kunavyotosha kwa mwari.

Sababu waliyoitoa mafakihi wa Kishafii ndiyo inayonifurahisha, maana inagusa pale pale wanapoumia hawa vijana. Walii kawekwa ailinde nasaba isiingiwe na aibu. Mtoto nasaba yake ni ya baba yake, hashirikiani na mama yake katika nasaba, basi hana cha kulinda. Sasa nionyeshe kijana anayepinga ndoa ya mama yake ambaye hatasema "tutaaibika". Aibu ndiyo hoja yake ya kwanza na ya mwisho, na vitabu vinamwambia kwamba kwa aibu hiyo hasa yeye hahusiki.

Hapa lazima niende taratibu, kwa sababu wapo wanaonijibu kwa ushahidi. Wa kwanza ni yule aliyemsikia shekhe kwenye simu akisema mtoto ndiye walii wa mwanzo. Shekhe hakukosea; kwa Malik na kwa Abu Hanifa mtoto yumo, tena yuko mbele. Lakini huwezi kuishi Kishafii miaka yote, ukasali kwayo na ukaoa kwayo, kisha siku mama yako anaposwa ukageuka Mmaliki kwa mchana mmoja.

Wa pili ana haki zaidi, na Pemba yuko kila kijiji. Huyu wazazi wake walikuwa watoto wa ami. Akiwa baba yako alikuwa mtoto wa ami yake mama yako, basi wewe, mbali na kuwa mwanawe, ni mtoto wa mtoto wa ami yake, na kwa njia hiyo umo katika asaba zake, yaani jamaa zake wa kiume wa upande wa baba. Unaweza kuwa walii. Ila unakuwa walii kwa ukoo, na unakaa mwisho wa foleni: mjomba akiwapo, au mtoto wa kiume wa mjomba, hujafikiwa. Nimekuta mara chache sana foleni imekatika mpaka ikamfikia mtoto, na hata hapo akikataa bila sababu ya kisheria, kadhi anaozesha.

Nimtoe mfano bibi mmoja wa upande wa Wete, nikibadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Ana zaidi ya miaka sitini, mumewe kafariki miaka kadhaa nyuma, eda ilishakwisha zamani. Kaposwa na mwalimu mstaafu wa skuli, mjane vile vile. Ana watoto wa kiume watatu na wa kike wawili. Wa kike wameridhia. Wa kiume wamemwendea mjomba wao Mkoani wakamwambia, "Mjomba, ukimwozesha mama, usitutambue." Mjomba mtu mpole, akafanya wanavyofanya watu wapole: akazima simu.

Watu hudhani walii akizima simu ndoa imekufa. Haijafa. Mwanamke akiridhia, na anayemposa akiwa anamfaa, walii hana ruhusa ya kuzuia. Akizuia, uozeshaji unakwenda kwa kadhi. Lakini kuzuia kuthibitike. Bibi alipeleka maombi Mahkama ya Kadhi, mjomba akaitwa, akafika. Alisema, "Sikatai, Sheikh, lakini siwezi kugombana na wapwa zangu." Hilo si kukubali, na ukilishikilia vizuri si kukataa pia. Kadhi akampa njia iliyomponya: amwakilishe yeye kadhi amwozeshee dada yake. Mjomba akatamka uwakala pale pale, na nikaona mabega yake yanashuka. Kwa wapwa zake ataweza kusema hakuozesha kwa mdomo wake, na kwa sheria ndoa ina walii wake halali.

Nitasema na linalonitatiza. Walii anaruhusiwa kupinga kwa kukosekana ukufu, yaani mposaji kutolingana na mwanamke, na katika ukufu vitabu vinataja nasaba na kazi. Visiwani kwetu neno nasaba lina historia ndefu na si yote nzuri. Nimewahi kusikia mzee mcha Mungu akikataliwa kwa babu yake, na aliyekataa akawa na ukurasa wa kunionyesha. Hoja ya kisheria ninayo: mwanamke na walii wake wakiridhia, ukufu si kizuizi tena. Lakini walii mwenyewe asiporidhia kwa sababu hiyo, sijui kila kadhi ataamua vipi, na simwahidi mteja kitu.

Turudi kwa vijana wetu, maana aibu ikishindwa hutoka la pili, ambalo nadhani ndilo lilikuwa la kwanza: "Mume huyo atakuja kula mali ya baba."

Haya, tuhesabu. Marehemu kaacha nyumba, shamba la mikarafuu na vitu vya ndani. Kwa wepesi tufanye vyote, baada ya madeni, vina thamani ya shilingi milioni 64. Wazazi wake marehemu hawapo. Mjane, kwa kuwa kuna watoto, ana thumuni, yaani milioni 8. Zinabaki milioni 56 kwa watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja, jumla mafungu 8: kila wa kiume milioni 14, kila wa kike milioni 7. Thumuni hiyo ni ya bibi tangu siku mumewe alipokata roho. Akiolewa hairudishi. Nasema hivi kwa sababu mtoto wa pili aliamini kabisa kwamba mjane akiolewa "fungu lake linarudi kwa baba". Linarudi wapi, kaburini?

Sasa mume mpya. Mali ya marehemu hairithi hata senti, hana mnasaba nayo. Anachoweza kurithi ni cha bibi, tena bibi akifa kabla yake na wakiwa bado katika ndoa. Kwa kuwa bibi ana watoto, mume ana robo. Kama bibi hana kingine ila zile milioni 8, robo ni milioni 2. Watoto wanagawana 6 badala ya 8: wa kiume anapata 1,500,000 badala ya 2,000,000. Ugomvi wote ule, mjomba kuzima simu, mama kususiwa Idi nzima, ni laki tano kwa kila mmoja, nazo kwa sharti kwamba mama ndiye atangulie. Mzee wa watu naye ana miaka yake. Akitangulia yeye, naye akiwa na watoto, bibi anachukua thumuni kwake, na siku moja watoto hawa hawa watairithi. Hesabu hiyo hawakuja nayo.

Walikuja na karatasi. Hili linanichosha kuliko yote: wanamtaka mposaji asaini kabla ya ndoa kwamba hatamrithi mama yao. Karatasi hiyo haina uzito. Haki ya kurithi haizaliwi mpaka mtu afe, na huwezi kuiacha haki ambayo bado huna. Mume akitaka kuacha fungu lake, ataliacha baada ya kifo, kwa hiari yake. Kabla ya hapo mnamdhalilisha mzee kwa kitu ambacho hakitawasaidia mbele ya kadhi.

Lakini katika jambo moja vijana wana haki, nalo ni nyumba. Mirathi ya baba yao haikugawiwa. Mume akihamia pale, anakaa ndani ya mafungu ya watu watano wengine bila idhini yao, na maskani ni juu ya mume kumpa mke. Ilikuwa wanizungumzie hilo, nami ningekuwa upande wao. Dawa yake ni kugawa mirathi kabla ya nikaha, kwa Kadhi au kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana: cheti cha kifo, warithi kuthibitishwa kwa mashahidi, mali kuorodheshwa na kuthaminiwa, madeni kutolewa. Katika madeni muulizeni mama kama mahari yake yalilipwa yote. Yaliyobaki hutoka kabla ya mgao, na wamama wa umri huo wengi hawajawahi kuulizwa.

Wapo wanaomshauri bibi awape watoto hiba ya kila alichonacho ndipo aolewe, mume asikute kitu. Kisheria inapita, akiwa mzima wa afya na akawakabidhi hasa. Mimi nasita kuiandika. Nimeona wamama waliotoa vyote kununua amani, ndoa ikavunjika, wakarudi kugonga mlango wa chumba walichokitoa wenyewe. Pengine nina woga kupita kiasi. Wenzangu wanaziandika na nyingi zimekaa salama.

Sababu ya mirathi ile kutogawiwa niliipata nilipouliza kuhusu karafuu. Tangu baba afe, wa kiume ndio wanaosimamia uchumaji, uanikaji na uuzaji. Mama huletewa mchele na kitenge kila baada ya vuno, kama zawadi. Thumuni ya mazao ni haki yake pia, kwa kila vuno, baada ya gharama za wachumaji. Dada zao nao wana fungu lao. Nilipoyasema hayo chumba kilinyamaza, na wa kwanza kuangalia saa alikuwa yule mwenye kelele zaidi za aibu.

Ndoa ilifungwa, bibi kahamia Chake kwa mumewe. Nyumba imeshathaminiwa na mafungu yameandikwa. Karafuu bado: daftari la mauzo analo mtoto wa pili, na kila nikimpigia ananiambia yuko bara.