Laki sita mkononi: tabibu ahesabu nini kabla ya kusaini

Tabibu aliyemaliza diploma ya miaka mitatu na kupata leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika (MCT) hapa Mwanza hukutana na milango mitatu: halmashauri, hospitali ya misheni na kliniki binafsi ya mjini. Swali ninaloulizwa zaidi ni ipi inalipa. Hujibiwa vibaya kwa sababu watu hulinganisha namba zisizofanana: mmoja anataja mshahara kabla ya makato, mwingine anataja fedha anayopewa mkononi.

Tuweke hesabu mezani. Namba ya mshahara ni ya mfano, nimeichagua kwa wepesi wa kujumlisha. Chukua tabibu wa serikali, ngazi ya mshahara ya TGHS B, mwenye mshahara wa 700,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakata asilimia 5, yaani 35,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 21,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye 665,000 zilizobaki baada ya mchango wa hifadhi ya jamii: 270,000 za kwanza hazitozwi kitu, 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, na 145,000 za mwisho asilimia 20. Jumla 49,000. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachokata asilimia 2, toa 14,000 nyingine. Inabaki 581,000. Mwenye mkopo wa elimu ya juu huondoa pia asilimia 15 ya mshahara, lakini mkopo huo unamfuata popote aajiriwapo kwa utaratibu, hivyo nauacha.

Sasa kliniki ya mjini inakuambia: laki sita mkononi, bila makato. Inaonekana imeishinda serikali kwa 19,000. Lakini mwajiri wa serikali anaongeza asilimia 15 kwenye PSSSF, yaani 105,000, na asilimia 3 kwenye bima. Ukijumlisha pensheni yako 140,000 na bima 42,000 juu ya ile 581,000, unapata 763,000, na hapo 14,000 za chama hazimo. Kliniki imesimama pale pale kwenye 600,000, na siku mtoto akilazwa unalipa mwenyewe. Kliniki inayofuata sheria inakuandikisha NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, ambako jumla ya mchango nayo ni asilimia 20, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya asilimia 10. Kwa 700,000 yenye NSSF ungechukua 588,000 baada ya kodi, kabla ya bima. Kwa hiyo kliniki binafsi yenye utaratibu haiko nyuma. Iliyo nyuma ni ile ya "mkononi".

Hesabu ya pili ni saa, na hii wengi hawaifanyi kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu, nao usizidi saa 50 katika wiki nne. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Kliniki nyingi zinazofunguliwa saa 24 huajiri tabibu wawili tu, mmoja mchana na mmoja usiku, saa 12 kila mmoja, siku sita kwa wiki. Usiku 26 kwa mwezi ni saa 312. Gawanya 600,000 kwa 312: unalipwa kama 1,920 kwa saa. Yule wa halmashauri kwa saa 195 za mwezi anapata karibu 2,980 kwa saa, hata ukihesabu mkononi tu.

Hesabu hiyo inampendelea kidogo wa serikali, nami sitaki kulificha hilo. Ukipangwa zahanati ya kisiwani Ukerewe au Kome, saa 195 zipo kwenye karatasi tu. Nyumba yako iko hatua chache kutoka chumba cha dharura, na anayebisha hodi saa 8 usiku hawezi kuambiwa aje kesho. Mama aliyekwama uchungu anahitaji rufaa, na rufaa inahitaji boti, mafuta na ziwa lililotulia. Uzito wa kazi ya serikali hutokana na upweke huo kuliko foleni ya wagonjwa. Katika kituo cha afya chenye tabibu watatu mnapokezana, kazi inabebeka. Kwa hiyo ukipangiwa, usiulize wagonjwa ni wangapi. Muulize mganga mfawidhi mko tabibu wangapi.

Misheni iko katikati, na humo ndani kuna mikataba miwili ambayo vijana huichanganya. Hospitali kama Sengerema, ya Kanisa Katoliki, hutumika kama hospitali teule ya wilaya, na serikali hupeleka watumishi wake kwenye hospitali za aina hiyo. Mtumishi aliyeazimwa namna hiyo analipwa na Hazina na yuko PSSSF. Mwenzake wa meza ya pili ameajiriwa na hospitali, yuko NSSF, na mshahara wake hutegemea mapato ya hospitali. Malipo ya bima yakichelewa, wa pili ndiye anayesubiri. Siku ya usaili uliza mshahara wa miezi mitatu iliyopita ulilipwa tarehe ngapi. Jibu la "huwa tunalipa vizuri" halina tarehe, basi wafuate watumishi wenyewe kantini.

Hata hivyo kwa tabibu mchanga mimi ningechagua misheni yenye wodi kuliko kliniki ya mjini, hata mshahara ukipungua kidogo. Wodini unamwona mtoto wa malaria kali tangu sindano ya kwanza ya atesuneti, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, hadi anaporuhusiwa. Unamwona mwenye selimundu akirudi na maumivu, na mwenye kichocho cha muda mrefu akitapika damu, magonjwa ambayo kanda yetu ya Ziwa inayo kwa wingi. Daktari anapita asubuhi na kukuuliza kwa nini ulimwekea maji kiasi kile. Kliniki ya wagonjwa wa nje hukupa homa, mkojo na kikohozi, na mwisho wa mgonjwa huuoni. Miaka miwili hapo mkono unakuwa mwepesi kuandika na mzito kufikiri.

Kuna mtego mwingine wa kliniki: fomu za bima zinazorudishwa. Umeandika dawa ambayo ngazi ya kituo haikuruhusu, malipo yamekataliwa, na mwenye kliniki anataka kukukata. Sheria inataka kosa liwe lako, upewe maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea, na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara.

Kuhusu kusoma, diploma yenye wastani wa GPA 3.0 pamoja na angalau D za Fizikia, Kemia, Biolojia, Hisabati na Kiingereza kidato cha nne hukufungulia shahada ya udaktari, miaka mitano, ikiwemo pale chuo kikuu cha CUHAS Bugando. Serikali inaweza kukuruhusu uende na mshahara ukiendelea, lakini uwe umethibitishwa kazini, jina liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na kibali kiwe mkononi kabla ya kuondoka. Anayeondoka kwa ahadi ya mdomo huhesabiwa mtoro na hufutwa kwenye orodha ya mishahara. Misheni ikikusomesha, soma kifungu cha miaka ya kurudi kutumikia na kiasi cha kurejesha ukiondoka mapema. Kliniki mara nyingi haina fungu hilo. Huko unajiwekea akiba mwenyewe.

Ukishaanza kazi kliniki au misheni, subiri mwezi wa tatu, kisha nenda ofisi ya NSSF uombe taarifa ya michango yako. Kama hati ya mshahara inaonyesha 70,000 zimekatwa na taarifa haina kitu, andika barua kwa mwajiri siku hiyo hiyo na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.