Isomeke 15 na si 14: kazi ya mistari miwili ya marekebisho

Je, wajua ni kwa nini mtu aliyekosea tarehe au kiasi katika ujumbe wa kikazi hushauriwa kutuma mistari michache tu ya marekebisho, tena akilitaja kosa lenyewe? Kwa nini asiandike lililo sahihi na kuliacha kosa lipite?

Sababu ni kwamba mpokeaji sasa ana jumbe mbili mkononi, zote zimetoka kwa mtu yuleyule, na zote zinaonekana kuwa za kweli. Ujumbe wa pili usipolitaja kosa la kwanza, unasomeka kama taarifa ya jambo jingine, au kama kauli inayopingana na ile ya awali, na hapo msomaji hubaki akijiuliza aifuate ipi. Kazi ya marekebisho ni kuondoa kauli moja kati ya hizo mbili, na huwezi kuondoa kitu usichokitaja.

Mfano ambao mimi huutumia kuwaelekeza makatibu wapya wa vikao ni huu. Afisa wa shirika moja lenye ofisi Dodoma mjini anawaandikia wajumbe ishirini na wawili, wengine wako Kondoa, wengine Mpwapwa, Manyoni na Singida. Robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, inayoanza tarehe 1 Julai, imekwisha, na kikao cha kuipitia kimekaribia. Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2025, anatuma barua pepe kwamba kikao kitafanyika Jumatano, tarehe 14 Oktoba 2025, saa 3:00 asubuhi, katika ukumbi wa ofisi. Jioni anagundua kwamba tarehe 14 Oktoba mwaka huo ni Jumanne, tena ni Siku ya Mwalimu Nyerere, ambayo ni sikukuu ya kitaifa.

Kosa la namna hii, ambapo siku na tarehe havikubaliani, lina tabia yake. Haliwapotoshi wasomaji wote kwa pamoja, bali huwagawa. Yupo anayepanga wiki yake kwa majina ya siku, naye ameshaandika Jumatano. Yupo anayepanga kwa tarehe, naye ameandika 14. Wa tatu ameona kwamba 14 ni sikukuu, akadhani kikao hakitakuwepo. Kila mmoja ana uhakika na alichosoma, kwa hiyo hakuna anayepiga simu kuuliza. Ndiyo maana haitoshi kuandika kwamba kikao ni tarehe 15. Ni lazima kusema ni kipi kati ya siku na tarehe kilichokosewa. Kesho yake, tarehe 7, afisa huyo anaweza kuandika hivi:

"Ndugu Wajumbe, katika taarifa yangu ya tarehe 6 Oktoba 2025 niliandika kwamba kikao kitafanyika Jumatano, tarehe 14 Oktoba 2025. Tarehe hiyo isomeke 15 Oktoba 2025; siku ya Jumatano ni sahihi. Saa, ukumbi na ajenda havijabadilika. Samahani kwa usumbufu."

Tazama kila sehemu inafanya nini. Sentensi ya kwanza inautambulisha ujumbe wa awali kwa tarehe uliyotumwa, ili mpokeaji mwenye barua pepe nyingi asibahatishe ni ipi inayozungumziwa. Kisha inayarudia maneno yaliyokosewa kama yalivyoandikwa, kwa sababu hayo ndiyo yaliyoko katika shajara ya msomaji, na akiyaona atayatambua mara moja. Neno "isomeke", tulilolizoea katika barua za serikali, lina uzito wake: halisemi kwamba jambo limebadilika, bali kwamba jambo ni lilelile na kilichokosewa ni maandishi. Ukiandika "kikao kimehamishiwa tarehe 15", umemwambia mjumbe kwamba uamuzi mpya umefanyika, na mwenye maswali ataanza kuuliza nani ameuhamisha na kwa sababu gani.

Sentensi ninayoiona ikisahaulika zaidi ni ile inayosema kwamba mengine hayajabadilika. Msomaji aliyeona kosa moja huanza kuutilia shaka ujumbe mzima, na ni haki yake. Asipoambiwa kwamba saa na ukumbi ni vilevile, atauliza, na katika wajumbe ishirini na wawili simu zitakuwa nyingi. Kwa sababu hiyohiyo siipendi kauli "tafadhali puuza ujumbe wa awali" pale ambapo kilichokosewa ni neno moja. Mpokeaji mtiifu atafuta ujumbe wote, pamoja na ajenda iliyoambatishwa humo, halafu usiku wa kuamkia kikao ataomba atumiwe tena.

Ufupi nao una sababu inayoonekana kwenye skrini ya simu. Watu wengi husoma kwanza taarifa inayojitokeza juu ya skrini, ambayo huonyesha kichwa cha habari na maneno machache ya mwanzo. Ujumbe ukianza kwa kueleza kwamba mwandishi alikuwa na kazi nyingi, kwamba umeme ulikatika na kwamba anajutia sana, maneno hayo machache yanakwisha kabla tarehe haijafikiwa. Radhi inaombwa mara moja, mwishoni, kwa maneno matatu au manne. Aliyepanga safari kutoka Singida anahitaji kwanza kujua siku ya kupanda basi, na sababu ya kosa haimsaidii kuijua. Kichwa cha habari kiandikwe waziwazi, kwa mfano "MAREKEBISHO YA TAREHE: Kikao cha robo ya kwanza", na ujumbe utumwe kama jibu juu ya ule wa awali, ili anayeufungua auone na ule wa awali chini yake.

Swali linalofuata kwa kawaida ni kwa nini mtu asiurekebishe ujumbe uleule kimyakimya. Katika WhatsApp unaweza kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tangu ulipoutuma, lakini aliyekwisha kuusoma hapati taarifa mpya. Kinachoonekana ni alama ndogo tu kwamba ujumbe umehaririwa, na asiyerudi kuutazama hataiona. Gmail hukuruhusu kusitisha ujumbe kabla haujaondoka, lakini muda wake mrefu kabisa ni sekunde 30. Outlook ina uwezo wa kuurudisha ujumbe, ila jambo hilo halifanyi kazi kwa anayepokea nje ya mfumo wa ofisi yako, yaani kwa mjumbe wa Kondoa anayetumia anwani yake binafsi. Njia hizi zinafaa kwa kosa ulilolibaini kabla mtu hajasoma. Mtu akishasoma, kosa limeshaingia katika mipango yake, na linaweza kuondolewa kwa maneno tu.

Hapa pana tofauti ambayo wengi hawaitilii maanani. Tarehe sahihi ikiwa baada ya ile iliyokosewa, kama katika mfano wetu, ambaye hakusoma marekebisho atafika mapema; atapoteza nauli na siku moja, lakini kikao hakijampita. Tarehe sahihi ikiwa kabla ya ile iliyokosewa, asiyesoma atafika kikao kimekwisha, au atawasilisha zabuni dirisha likiwa limefungwa, na hakuna radhi inayoweza kuirudisha siku hiyo nyuma. Katika hali hii ya pili maandishi peke yake hayatoshi. Tuma marekebisho, kisha mpigie simu kila ambaye hajajibu, na weka alama mbele ya jina lake ukishampata. Katika marekebisho ya aina hii mimi huongeza sentensi moja: "Tafadhali thibitisha kwamba umeupata ujumbe huu."

Kiasi cha fedha kina ugumu wa namna nyingine, kwa kuwa tarakimu moja huzaa nyingine. Fundi seremala wa hapa mjini ametuma ankara kifani ya viti 40 kwa shilingi 15,800 kila kimoja, wakati bei aliyoikusudia ni 18,500. Tarakimu 5 na 8 zimebadilishana nafasi, kosa la kawaida sana kwa mtu anayeandika haraka. Wahasibu wana njia ya kulishuku: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti kati ya kiasi sahihi na kilichokosewa hugawanyika kwa 9 bila kubaki. Hapa tofauti ni 2,700, ambayo ni 9 mara 300. Njia hii haithibitishi kosa, kwa kuwa zipo tofauti nyingine zinazogawanyika kwa 9, lakini inakuonyesha pa kuanza kutazama.

Fundi huyu akiandika tu kwamba bei ya kiti isomeke 18,500, amesahihisha mstari mmoja na kuacha mingine mitatu ikiwa na kosa. Jumla kabla ya kodi ilikuwa 632,000 na sasa ni 740,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ilikuwa 113,760 na sasa ni 133,200. Kiasi cha kulipwa kilikuwa 745,760 na sasa ni 873,200. Mhasibu wa upande wa pili hatalipa bei ya kiti, atalipa kiasi cha mwisho, na akipewa bei mpya pekee atalazimika kupiga hesabu mwenyewe au kulipa kiasi cha zamani. Kwa hiyo ujumbe utaje bei iliyokosewa na iliyo sahihi, kisha kiasi cha mwisho cha zamani na kipya, na uambatishe ankara iliyorekebishwa yenye tarehe yake mpya. Hatua za katikati zibaki ndani ya ankara. Zikijazwa katika ujumbe, macho ya msomaji yanapotea kati ya namba nane.

Mistari miwili ina mipaka yake. Mteja akiwa ameshalipa shilingi 745,760, au ameshatia saini kwa kiasi hicho, neno "isomeke" halina nguvu tena, kwa sababu sasa unamwomba aongeze shilingi 127,440 juu ya makubaliano aliyoyaamini. Hapo kosa si la maandishi tu, ni la mapatano, na mazungumzo ya ana kwa ana ndiyo yanayofuata, huku fundi akiwa tayari kusikia kwamba mteja haongezi.

Marekebisho yenyewe yakitoka na kosa, usitume marekebisho ya marekebisho. Msomaji atakuwa na jumbe tatu na tarehe mbili au tatu, na hatajua ni ipi iliyofuta nyingine. Wakati huo andika taarifa yote upya tangu mwanzo, yenye siku, tarehe, saa, ukumbi na ajenda, na katika mstari wa kwanza useme kwamba taarifa hiyo inachukua nafasi ya zile za tarehe 6 na 7 Oktoba 2025. Kabla ya kuituma, fungua kalenda uweke kidole juu ya tarehe 15, na uone kwamba kweli iko chini ya safu ya Jumatano.