Kurudia maneno ya tangazo si kulijibu: dhana potofu kuhusu kiini cha barua ya maombi ya kazi

Wiki hii pekee nimeletewa barua nne za maombi ya kazi nizipitie, na zote nne zilikuwa na sentensi ileile katikati: "Nina uzoefu wa kutosha, ni mwaminifu, mchapakazi na ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Kila mmoja wa wenye barua hizo alinieleza, kwa kujiamini kabisa, kwamba amelijibu tangazo kwa kuwa ametumia maneno ya tangazo lenyewe. Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitaanza nayo na nitakaa nayo.

Anayechambua maombi ameshika orodha ya sifa ambayo mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika. Anapokuta maneno yake yamerudishwa kwake jinsi yalivyo, hapati taarifa yoyote mpya, kwa sababu mwombaji anayefuata katika rundo naye ameyanakili vilevile. Anachotafuta ni jambo moja tu, nalo ni tukio, kazi au idadi inayomwezesha kuweka alama ya vyema mbele ya sifa fulani bila kubahatisha.

Nichukue barua mojawapo kati ya hizo nne. Tangazo lilitafuta mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, na sifa zilizotajwa zilikuwa sita: stashahada ya ununuzi na ugavi, uzoefu usiopungua miaka miwili, uwezo wa kutunza kumbukumbu kwa kompyuta, uaminifu, kufanya kazi bila usimamizi wa karibu, na umri usiozidi miaka 40. Mwombaji alikuwa dada aliyewahi kutunza stoo ya vipuri vya pikipiki. Nilimwomba aiweke barua pembeni na kunieleza kwa mdomo siku yake ya kazi ilivyokuwa, na katika dakika kumi alisema mengi ambayo hayakuwamo kabisa katika ukurasa mzima aliouandika. Kutokana na maelezo hayo tuliandika kiini upya, katika aya tatu.

Ya kwanza ilijibu uzoefu: "Tangazo lenu linahitaji uzoefu usiopungua miaka miwili. Nimetunza stoo ya vipuri vya pikipiki kwa miaka mitatu, kuanzia Machi 2021 hadi Machi 2024. Stoo hiyo ilikuwa na aina zipatazo 400 za vipuri, nami nilipokea mzigo mara mbili kwa wiki na kuulinganisha na ankara kabla ya kutia saini."

Ya pili ilijibu kumbukumbu: "Nilipoanza kazi, stoo ilitumia daftari pekee. Nilihamishia salio la kila kipuri kwenye kompyuta, katika jedwali lenye safu za kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na kila Jumamosi nililinganisha salio hilo na hesabu ya vitu vilivyokuwa rafuni."

Ya tatu ilibeba uaminifu na kufanya kazi bila usimamizi kwa pamoja, kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa mmoja: "Mwajiri wangu aliposafiri, mimi ndiye niliyebaki na funguo za stoo. Mwaka 2023 hesabu ya Jumamosi ilipoonyesha upungufu wa betri mbili, niliandika taarifa siku hiyohiyo, na ikabainika kwamba zilitolewa dukani bila hati."

Neno "mwaminifu" halimo katika aya hiyo ya tatu, na halihitajiki. Msomaji analifikia mwenyewe, na akilifikia mwenyewe analiamini zaidi kuliko akiambiwa. Kwa kipimo changu, aya ambayo mwombaji mwingine anaweza kuitia saini yake bila kubadilisha hata neno moja haijajibu kitu. Kipimo cha pili ni kumpa mtu aya peke yake, bila tangazo, kisha kumwuliza inajibu sifa gani. Akisita, ama aya imebeba sifa nyingi mno, ama ushahidi wake umefichwa nyuma ya vivumishi.

Dhana ya pili ni kwamba sifa zikiwa sita, aya nazo lazima ziwe sita. Matokeo yake huwa barua ya kurasa mbili ambayo hakuna anayeifikisha mwisho. Sifa inayothibitishwa na karatasi haihitaji aya: stashahada ya yule dada ilitajwa kwa sentensi moja katika aya ya utangulizi pamoja na kutaja kwamba nakala ya cheti imeambatishwa, na umri uliachwa kwenye wasifu. Aya hutengwa kwa sifa ambazo cheti hakiwezi kuzisemea, na kwa kazi nyingi zikishachujwa hivyo hubaki tatu au karibu na hapo. Zikizidi, ninawashauri wateja wangu wachague zile zinazofanana zaidi na majukumu ya kazi yaliyoorodheshwa katika tangazo, kisha wazipange kwa mfuatano wa tangazo lenyewe. Wapo wanaopendelea kutanguliza sifa yenye nguvu kuliko zote. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa anayechambua anashuka na orodha yake kutoka juu kwenda chini, na hakuna sababu ya kumrusharusha.

Dhana ya tatu ni kwamba aya fupi ni utovu wa heshima, au ni dalili ya mtu asiye na la kusema. Nadhani inatokana na insha za shuleni, ambako urefu ulituzwa. Sentensi tatu au nne zinatosha: sifa inayojibiwa, ulichofanya, na kiasi au matokeo yake. Heshima ina nafasi yake katika salamu na katika hitimisho, wala haiongezwi kwa kuanza kila aya na "Napenda kuchukua fursa hii". Hapohapo niseme kwamba "Husika na kichwa cha habari hapo juu" haimpi msomaji chochote ambacho kichwa cha habari hakijampa.

Ya nne ni kwamba sifa usiyokuwa nayo inafaa kufunikwa kwa maneno mazuri. Hapa inabidi kutofautisha. Ikiwa tangazo linadai leseni ya udereva au usajili wa bodi ya taaluma, na huna, hakuna aya itakayokuokoa, kwa kuwa sifa hiyo hukaguliwa kwa nakala iliyoambatishwa. Lakini ikiwa kinachotakiwa ni ujuzi, andika ule ulio karibu nao na uutaje kwa jina lake halisi. Yule dada hakuwahi kugusa saruji wala nondo, na awali alitaka kuandika "stoo ya vifaa mbalimbali" ili kuficha jambo hilo. Tuliacha neno "vipuri" libaki. Katika usaili angeulizwa vifaa hivyo ni vipi, na mtu aliyekwisha kufungua mlango kwa neno la kuficha hulazimika kujieleza kwa dakika kadhaa kabla hajapewa nafasi ya kuzungumzia kazi yake. Kwa sababu hiyohiyo, idadi ya aina 400 iliandikwa na "zipatazo" mbele yake: hakuwa na hesabu kamili mkononi, na msimamizi wake wa zamani, ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wadhamini, angeweza kupigiwa simu.