Taa na taka si kitu kimoja

"Serikali huweka taa za barabarani na kuzoa taka kwa sababu ni huduma muhimu, sivyo?"

Sivyo. Unga ni muhimu kuliko taa, na tunaununua dukani. Tatizo la taa ni kwamba asiyelipa hawezi kuzuiwa kuitumia.

Chukua mtaa wa nyumba 20 kule Kayole. Tuseme taa moja inagharimu shilingi 30,000, na kila nyumba ingeona faida ya 2,000. Jumla ya faida ni 40,000, kwa hiyo taa inafaa. Lakini ukipitisha mchango, kila mmoja anasubiri jirani atoe, maana mwanga utamfikia tu. Mtaa unabaki gizani. Kodi ya lazima ndiyo inayofungua fundo hilo.

Taka ni tofauti kabisa. Asiyelipa anaweza kurukwa: gunia lake linaachwa getini. Ndiyo maana vijana wenye mikokoteni na kampuni binafsi wanazoa taka Nairobi na kupata riziki. Shida inaanza usiku, gunia lile linapotupwa mtaroni. Mvua ikinyesha, mtaro unaziba na maji yanaingia kwa jirani aliyelipa kila mwezi! Gharama imemwangukia asiyehusika.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi zote mbili. Hata hivyo, kwa taka, kaunti yenyewe si lazima iendeshe lori. Inaweza kutoa leseni, kulazimisha kila nyumba kulipia na kutoza faini anayetupa ovyo.