Pesa ya bonasi na mafungu ya akilini

Jumapili moja baada ya Maghribi, kwenye baraza ya kahawa huku kwetu Shela, Malindi, kijana mmoja wa tuktuk alinionyesha simu yake. Juu ya skrini palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ni salio, shilingi 500, alizozituma kwa M-Pesa kutoka kwenye kazi ya siku ile. Wa pili ni bonasi, shilingi 500 nyingine, alizopewa na kampuni ya kubeti kwa sababu ameweka zake.

Nikamwangalia akicheza. Kwa pesa zake alikaa muda mrefu akichagua. Alisoma nani ameumia, nani anacheza nyumbani, akauliza maoni ya kila aliyeketi. Mwishowe akaweka 200 kwenye mechi moja yenye odi ya 1.90, yaani akipatia analipwa dau lake mara 1.90, na 300 akaziacha. Kisha akahamia kwenye bonasi. Hata kikombe cha kahawa hakijapoa alikuwa amekusanya mechi nane kwenye mkeka mmoja, ambao ukikosa mechi moja tu umechanika wote, mbili kati yake za ligi ambayo hakuna mtu barazani aliyejua ni ya nchi gani, akatupia 500 zote.

"Na hizo mbona hukuzifikiria?" nikamuuliza.

"Hizo si zangu, ami. Ni za bure."

Jibu lake hilo ndilo dhana ninayotaka kuieleza. Suala kwamba kamari ni maisiri sheikh wa msikiti wetu ameshalimaliza, na mimi sina la kuongeza. Nazungumza kama mtu ambaye kazi yake ni kuandika madaftari ya wauza samaki.

Wataalamu wa uchumi wanalo jina la tabia hii, nami kwa Kiswahili naiita hesabu ya mafungu. Shilingi haina alama, ya karo na ya kahawa zinanunua unga ule ule, lakini akilini tunazigawa. Hii ya chama, hii ya kodi, hii ya matumizi. Mtu atakopa dukani huku pesa ya chama imelala chini ya godoro, na wala si mjinga, maana fungu lile linamlinda asile kesho yake. Watoto wetu wanaijua hesabu hii mapema. Mtoto aliyeweka akiba ya shilingi 50 kwa kutumwatumwa dukani hamalizi kirahisi, lakini hamsini ya idi haifiki Alasiri.

Aliyeifanya dhana hii ijulikane ni Richard Thaler, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017. Mwaka 1981, wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwauliza watu swali jepesi. Umefika kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza, tikiti ni dola 10, ukagundua umedondosha noti ya dola 10. Bado utanunua tikiti? Asilimia 88 walisema ndiyo. Kundi jingine liliambiwa kilichodondoka ni tikiti yenyewe, iliyonunuliwa kwa dola 10. Waliokubali kununua nyingine walikuwa asilimia 46. Hasara ni ile ile, dola 10. Tofauti ni kwamba tikiti ilikuwa imeshaandikwa kwenye fungu la starehe, na kununua ya pili kunalifanya fungu hilo lionekane limegharimu 20.

Sasa turudi kwenye kubeti. Kuna jina la mtaani huko kasino za Marekani kwa pesa uliyoshinda leo: pesa ya mwenye nyumba. Mchezaji aliyeingia na mia moja akapata mia tatu huiona ile ziada kama bado ni ya kasino, na kuipoteza hakuumi kama kupoteza ile aliyotoka nayo nyumbani. Mwaka 1990 Thaler na mwenzake Eric Johnson waliandika juu ya jambo hili. Waliona kwamba mtu aliyetoka kushinda hukubali bahati nasibu ambayo siku nyingine angeikataa, alimradi hasara yake haizidi alichoshinda. Hasara inakatwa kwenye ushindi, haifiki kwenye nyama. Aliyetoka kupoteza, kinyume chake, huwa mwoga, isipokuwa kwa dau moja tu, lile linalompa nafasi ya kurudi pale alipoanzia. Ndiyo maana mtu anayefungwa tangu mchana huonekana usiku akitafuta odi kubwa ya kurudisha zote kwa mpigo.

Bonasi inazidi hata ushindi. Ushindi angalau uliutolea jasho la kusubiri dakika tisini. Bonasi inakuja ikiwa imeshaandikwa kwenye mstari wake, na jina lake. Fungu ambalo akili ingelichora polepole, kampuni imelichora tayari kwenye skrini. Wangetaka, wangeandika shilingi 1,000 kwenye mstari mmoja. Nadhani wanajua wanachofanya.

Ubure huo unagharimu nini? Tuchukue hesabu ya kijana yule. Tuseme kila mechi aliyochagua ina nafasi nusu kwa nusu, na kampuni inalipa odi ya 1.90 kila upande. Odi ya haki ingekuwa 2.00. Ile 0.10 ndiyo riziki ya kampuni. Ukiweka shilingi 100 kwenye mechi moja, kwa wastani zinarudi 95. Lakini kwenye mkeka odi zinazidishana, na ule mkato nao unazidishana. Mechi tatu, kila mia inarudi 86 hivi. Mechi nane, inarudi 66.

Mkeka wake wa mechi nane ulikuwa na odi ya karibu 170, yaani 500 zingelipa kama 84,900. Ukiiona namba hiyo kwenye skrini moyo unaruka. Lakini nafasi ya kupatia mechi nane za nusu kwa nusu ni moja katika 256, na malipo ya haki yangekuwa 128,000. Kwa hiyo shilingi 43,000 zimekatwa kabla filimbi haijapulizwa, na hakuna anayeziona kwa sababu hakuna anayezilinganisha. Ukipima thamani ya wastani, 500 kwenye mechi moja zina thamani ya 475. Kwenye mkeka ule zina thamani ya 332. Amepunguza 143 kwa muda wa kikombe cha kahawa.

Atasema, lakini bonasi siwezi kuitoa, kwa hiyo thamani yake si 500. Hapo ana hoja, na ndipo wengi wanaolalamikia kamari wanapokosea hesabu. Ipo aina ya bonasi, beti ya bure, ambapo ukishinda unapewa faida tu na dau lenyewe halirudi. Kwa hiyo, kwenda kwenye odi kubwa kidogo ni akili. Beti ya bure ya 100 kwenye mechi moja ya 1.90 ina thamani ya 45. Kwenye mkeka wa mechi tatu inafika 73, na mechi nne 75. Baada ya hapo inaanza kushuka, na kwenye mechi nane imerudi 66. Kuthubutu kidogo zaidi kuna sababu. Kuthubutu bila kikomo hakuna, na mtu anayeongozwa na hisia ya ubure hajui mpaka uko wapi, kwa vile hakupiga hesabu yoyote.

Bonasi ya kijana haikuwa ya aina hiyo. Ilikuwa na sharti la kuzungusha, na nilimwomba afungue maandishi yale madogo tusome pamoja. Bonasi izungushwe, yaani ichezwe, mara tano, kwa mikeka ya mechi tatu kwenda juu, ndipo kitakachobaki kiwe pesa ya kutoa. Mara tano ya 500 ni 2,500. Kwenye mkeka wa mechi tatu mkato ni 14 na ushei kwa kila mia, kwa hiyo kuzungusha 2,500 kunagharimu wastani wa 357. Bonasi ya 500 imebaki 143, na hapo ni kama umebahatika kufika mwisho, maana mikeka mingi huchanika njiani na fungu likaisha. Kampuni nyingine huandika "bonasi pamoja na amana". Maneno hayo ya ziada yanahesabu na zile 500 zako, mzunguko ukawa 5,000 na gharama 713. Hapo zawadi ya 500 inakula 213 za mfukoni mwako.

Na sharti jingine lilikuwa hili: ukitoa pesa yako kabla ya kumaliza mzunguko, bonasi inafutwa. Kwa hiyo zile 300 alizokuwa ameziacha kwa busara zilikuwa zimefungwa kamba. Pesa ya bure ilikuwa imeishika pesa ya jasho.

Mkeka ulichanika mechi ya pili. Hakusikitika hata kidogo, akaagiza kashata.

Nilimpa njia moja ya kujipima, ninayoitumia mimi kwenye madaftari. Kabla ya kubonyeza, jiulize: kama shilingi hizi zingekuwa noti mkononi, na dirisha la kuzitoa liko wazi, ningezipeleka hapa? Jibu likiwa hapana, basi kinachokusukuma ni jina la fungu. Dalili nyingine ni ya kutazama tu: uliichagua mechi ya pesa yako kwa muda gani, na ya bonasi kwa muda gani? Tofauti hiyo haidanganyi, na wala haihitaji kujua mahesabu ya odi.

Juma lililofuata alipewa beti ya bure ya 100. Safari hii alikumbuka, akaweka mkeka wa mechi tatu, timu anazozijua. Ukatiki. Faida ikaingia kwenye salio, shilingi 586, pesa kamili, haina sharti. Alinijia mbio barazani kunionyesha.

"Zitoe," nikamwambia.

Akatoa 400 mbele yangu, ujumbe wa M-Pesa ukaingia. Nikamuuliza, na zile 186?

"Hizo ziache, ami," akasema, kidole kishaanza kutafuta mechi. "Hizo ni za bonasi."