Kanvasi ya mkakati: kliniki ya bei nafuu mbele ya hospitali kubwa

Kanvasi ya mkakati ni mchoro wa mistari michache tu. Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, unaandika mambo ambayo watoa huduma wa sekta yako wanashindania na kuyagharamia. Pembeni unaweka kipimo, tuseme 1 hadi 5. Kisha unamchorea kila mshindani mstari wake kuonyesha anatoa kiasi gani cha kila jambo. Waliouvumisha ni W. Chan Kim na Renée Mauborgne, maprofesa wa chuo cha biashara cha INSEAD, na pamoja nao likaja gridi la hatua nne: ondoa, punguza, pandisha, anzisha.

Chukua mfano wa kubuni: mtu anataka kufungua kliniki tano za bei nafuu Mbagala na Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Hospitali zilizotangulia ziko juu kwenye madaktari bingwa, wodi, mashine za picha na ukubwa wa jengo. Zile za binafsi ziko juu kwenye bei pia, na kwenye kanvasi bei kuwa juu maana yake ni ghali.

Kosa la kwanza hufanyika hapohapo, kwenye kuandika mambo yenyewe. Mwenye mradi huandika anayoyajua yeye: mashine, wataalamu, vitanda. Muulize mama aliyempeleka mwanawe mwenye homa hospitali kubwa, naye atakuhesabia vingine: nauli, siku ya biashara iliyopotea, halafu malipo ya vipande vipande. Analipia kumuona daktari, anapanga foleni tena alipie kipimo, anarudi na majibu, na akifika dirisha la dawa ndipo anapoambiwa jumla imefika wapi. Kutojua bei mpaka mwisho ni gharama kwake, ingawa haimo kwenye kanvasi ya hospitali yoyote.

Sasa gridi linafanya kazi. Ondoa: upasuaji mkubwa, wodi, mashine za CT, jiko na dobi. Wodi ikiondoka, gharama ya wauguzi wa zamu ya usiku huondoka nayo. Punguza: aina za huduma, zibaki homa, kikohozi, kuhara, kliniki ya wajawazito, shinikizo la damu na kisukari, punguza pia ukubwa wa jengo, yaani upange fremu badala ya kujenga. Vitanda viwili vya uangalizi vibaki, maana mgonjwa anayewekewa dripu hawezi kukaa kwenye benchi. Pandisha: ukaribu, kasi, na saa za kazi, hadi saa tatu usiku, baada ya watu kufunga biashara. Anzisha: bei moja iliyobandikwa ukutani, inayobeba kumuona tabibu, vipimo vya kawaida na dawa za kawaida, na simu ya kumjulia hali mgonjwa siku ya tatu.

Hatua mbili za kwanza ndizo zinazolipia mbili za mwisho. Ukipandisha na kuanzisha bila kuondoa, umejenga hospitali ya hasara. Ukipunguza kila kitu kwa kiasi kilekile, mstari wako utafuata umbo la mstari wa hospitali, ila chini yake, na hapo huna mkakati, una hospitali duni. Weka mistari miwili pamoja: kama haikatani mahali popote, rudi mezani.

LifeSpring, hospitali ndogo za uzazi zilizoanzia Hyderabad, India, mwaka 2005, zilipita njia hiyo: huduma chache, majengo ya kupanga, bei zilizobandikwa wazi, na kina mama wenye hatari kubwa wakapelekwa kwingine.

Tiba, hata hivyo, ina kitu ambacho kanvasi haikioni. Mgonjwa anaona jengo na foleni, haoni kama vifaa vimetakaswa au kama kipimo kilisomwa sawasawa. Ukipanga kwa macho yake tu, utakata visivyokatika. Hayo nayaweka nje ya gridi kabisa, pamoja na utaratibu wa rufaa: nani anapigiwa simu, gari linatoka wapi, hospitali gani inapokea. Kliniki isiyo na wodi wala rufaa inamwacha mgonjwa aliyezidiwa mlangoni.

Bei moja nayo ina mtego wake. Kliniki inayolipwa kwa kila kipimo hushawishika kupima na kuandika dawa kupita kiasi. Kliniki yenye bei moja hushawishika kupima kidogo, kwa kuwa kila kipimo kinakula faida. Angalia daftari: kati ya waliopewa dawa ya malaria, wangapi walipimwa kwanza? Wangapi wamerudi ndani ya wiki na tatizo lilelile? Idadi ya waliorudi ikipanda huku gharama ya maabara ikishuka, faida inatoka kwa wagonjwa ambao hawakupimwa.